Mathi-roki au posti-roki: bendi ya watu wanne Moshi na Arusha ishike njia ipi?

Vijana wengi wanaopiga gitaa, besi na dramu hapa Moshi na Arusha wamelelewa na kwaya na vikundi vya sifa. Wanajua kodi zao, wanajua kumsikiliza mwimbaji na kumfuata anapobadilisha ufunguo bila taarifa. Ikifika siku wanataka kupiga muziki wao wenyewe, na hakuna kati yao anayetaka kuimba, wanaingia mtandaoni na kukutana na majina mawili: math rock na post-rock. Humu nitayaita mathi-roki na posti-roki. Wengi huyachanganya, na wana sababu, kwa maana yote mawili ni roki isiyojengwa kwa beti na kiitikio, na mara nyingi haina mwimbaji kabisa. Hata ukifuatilia mizizi yake utafika pamoja: bendi ya Slint kutoka Louisville, Kentucky, ilitoa albamu ya Spiderland mwaka 1991, na watu wa kambi zote mbili huitaja kama chimbuko lao.

Lakini ukishika ala, njia hizi zinakudai vitu tofauti kabisa. Nimeona vikundi vikianza na ile wasiyoiweza, vikakata tamaa ndani ya miezi michache, kumbe ile nyingine ingewafaa tangu mwanzo. Kwa hiyo nataka kuziweka bega kwa bega kwa kutumia mfano mmoja mdogo wa noti saba, tuupige kwa njia ya kwanza, kisha kwa njia ya pili, tuone kila njia inakula nini.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Katika wimbo wa kawaida, msikilizaji anajua yuko wapi kwa sababu ya maneno. Beti linasimulia, kiitikio kinarudi, naye anajiunga. Ukiondoa maneno unabaki na watu wanne wanaopiga vyombo, na baada ya dakika moja msikilizaji anajiuliza mwimbaji ataingia lini. Mathi-roki inamshika kwa hesabu: mapigo yamepangwa kwa namna ambayo sikio linatarajia kitu, linapewa kingine, linabaki likifuatilia. Posti-roki inamshika kwa uzito: jambo dogo linarudiwa, kila linaporudi limeongezeka kidogo, hadi linajaa chumba kizima. Waliokulia kwenye muziki wa dansi wanaijua hamu ya kusubiri chemko baada ya beti. Posti-roki inaishi ndani ya kusubiri huko kwa dakika nane au kumi, ila haikimbilii mwendo wa kasi kama chemko linavyofanya. Mwendo unabaki uleule. Kinachopanda ni unene na ukubwa wa sauti.

Tuchukue kundi la watu wanne. Mpiga dramu na mpiga gitaa mmoja wanakaa Moshi, mpiga besi na gitaa la pili wako Arusha. Kati yao kuna kilomita 80 hivi za barabara, kwa hiyo wanakutana Jumamosi tu. Wana amplifaya mbili ndogo za wati 20, besi inapita kwenye spika kubwa ya kuazima, na dramu ni za kanisa. Hali hii ni ya kawaida sana huku kwetu, ndiyo maana nimeichagua.

Noti saba kwa njia ya mathi-roki

Kwa wanaosoma solfa, rifu yetu ni hii: la, do, mi, so, mi, re, do. Ukiiweka do kwenye G, la inakuwa E, na rifu yote inakaa vizuri chini ya vidole karibu na kichwa cha gitaa. Kila noti ina urefu sawa, nusu ya pigo la mguu. Nitaiita nusu hiyo pigo dogo. Kwa hiyo mzunguko mmoja una mapigo madogo saba, na ukiisha unaanza tena papo hapo, bila kupumua.

Hapo kwenye "bila kupumua" ndipo kazi ilipo. Masikio yetu yamezoea nane. Nyimbo karibu zote tunazopiga zinagawanyika kwa mbili na nne, na mkono wenyewe unataka kuishikilia ile do ya mwisho kidogo ili ifike nane. Ukifanya hivyo rifu inasikika tamu, lakini imekuwa wimbo mwingine.

Njia nzuri ya kuikamata ni kuigawa saba hiyo katika mafungu ya mbili, mbili na tatu: la-do, mi-so, mi-re-do. Badala ya kuhesabu namba, ambazo zinauma ulimi ukiwa kwenye kasi, tumia majina ya miji yetu: Mo-shi, Mo-shi, A-ru-sha. Silabi saba, mafungu matatu. Ukitaka tano, sema Moshi, Arusha. Tahadhari ni moja: kinywa chetu hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kwenye Arusha sauti itakwenda kukazia "ru", wakati mwanzo wa fungu ni "A". Mpiga dramu aweke mguu wake kwenye "Mo", "Mo" na "A", na wengine wamfuate yeye, wasifuate kinywa.

Sasa mwendo. Tuseme mnataka mapigo 140 ya mguu kwa dakika, ambao ni mwendo wa uchangamfu wa kawaida kwa muziki huu. Mzunguko wa mapigo madogo saba utachukua sekunde moja na nusu kamili. Kwa hiyo msiiweke metronomu kwenye 140. Iwekeni kwenye 40, na kila mlio wake uwe mwanzo wa mzunguko, yaani ile la ya kwanza. Metronomu ikilia kwenye kila pigo la mguu itawachanganya, kwa sababu saba ni mapigo ya mguu matatu na nusu: mzunguko wa kwanza unaanza mguu ukiwa chini, wa pili unaanza mguu ukiwa juu, wa tatu tena chini. Siku ya kwanza anzeni polepole, metronomu ikiwa kwenye 30, ambapo mzunguko ni sekunde mbili, kisha pandeni kidogo kidogo hadi 40.

Habari hiyo ya mguu ndiyo pia inayomfichua anayekosea. Mwambie kila mtu agonge mguu sawasawa huku akipiga rifu. Kama mguu wake uko chini kila rifu inapoanza, amekwisha kuiongeza ikawa nane, hata kama anaapa kwamba anapiga saba. Kipimo cha pili ni kigumu zaidi: pigeni mizunguko minne, nyamazeni mizunguko minne huku kila mtu akihesabu moyoni, kisha rudini. Mkirudi pamoja, rifu imeingia mwilini. Mkirudi mmoja mmoja, bado iko kichwani, na jukwaani kichwa ndicho kinachopotea kwanza.

Mkishafika hapo ndipo uhondo unapoanza. Mwacheni mpiga dramu apige nne kwa nne za kawaida, mapigo madogo nane kila mzunguko, huku gitaa likiendelea na saba zake. Wataachana mara moja, kila mmoja akienda njia yake, na watakutana tena baada ya mapigo madogo 56, ambayo ni mizunguko minane ya gitaa na saba ya dramu. Kwa mwendo wetu ni sekunde 12 kamili. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu hesabu atatikisa kichwa na dramu, atahisi gitaa linateleza juu yake, na wanapokutana atasikia kama mlango umefungwa kwa kishindo. Hicho ndicho kinachosimama mahali pa kiitikio. Ukitaka kusikia dramu zikiongoza bendi nzima kwa namna hii, sikiliza Don Caballero wa Pittsburgh. Ukitaka upande wenye upole na gitaa safi, sikiliza toe wa Tokyo, walioanza mwaka 2000.

Upande wa vifaa, mathi-roki haina makuu. Sauti ya gitaa inatakiwa iwe safi ili kila noti isikike, na amplifaya ya wati 20 inatosha kwenye chumba kidogo kama mpiga dramu ana mkono wa adabu. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, mnaendelea na gitaa zisizo za umeme na viganja mezani, na hakuna kilichopotea. Kitu kimoja tu kinasumbua: wengi wa wapigaji hawa hubadilisha tyuning. Ile maarufu kutoka bendi ya American Football ya Illinois inakwenda F, A, C, G, C, E kuanzia waya mnene. Kutoka tyuning ya kawaida nyaya tatu zinabadilika, mbili kati ya hizo zikikazwa zaidi, kwa hiyo gitaa linahitaji muda kutulia na huwezi kulibadilisha katikati ya onyesho bila watu kuanza kuzungumza. Kwa mwanzo achaneni nayo. Rifu yetu haiihitaji.

Gharama yake halisi ni muda wa kuwa pamoja. Saba zako peke yako chumbani na saba za watu wanne ni vitu viwili tofauti. Kundi letu la Jumamosi moja kwa wiki litatumia nusu ya kila kikao kukumbushana lilipoishia. Na mpiga dramu akisafiri, huwezi kumwazima mwingine kanisani siku hiyo hiyo, maana hata awe hodari vipi, atawarudisha kwenye nane.

Noti zilezile kwa njia ya posti-roki

Sasa ifanyeni ile do ya mwisho kile mlichokatazwa: ishikilieni ifike nane. Punguzeni mwendo hadi mapigo 80 kwa dakika. Mzunguko mmoja wa nne kwa nne sasa ni sekunde tatu. Gitaa la kwanza halitabadilisha kitu chochote wimbo mzima; litarudia la, do, mi, so, mi, re, do bila kuchoka. Kinachobadilika ni besi chini yake: mizunguko miwili kwenye la, miwili kwenye fa, miwili kwenye do, miwili kwenye so. Noti zilezile za gitaa zinasikika zina huzuni juu ya la na zimefunguka juu ya do. Mizunguko hiyo minane ni sekunde 24, na nitaiita raundi moja.

Wimbo wa dakika nane ni raundi 20. Ziandikeni kwenye karatasi, ibandikeni ukutani, na mgawane nani anaingia lini. Mpango ninaoupendekeza ni huu. Raundi nne za kwanza ni gitaa peke yake, sauti safi na ndogo. Ya tano hadi ya nane besi inaingia kwa noti ndefu, na mpiga dramu anagusa matoazi tu kwa fimbo zenye vichwa vya kitambaa. Ya tisa hadi ya 12 zinaingia dramu kamili kwa upole, pamoja na gitaa la pili lenye dilei, kifaa kinachoirudia kila noti kama mwangwi. Ya 13 na ya 14 kila kitu kinaanguka, linabaki gitaa la kwanza na besi. Kuanzia ya 15 mnapanda tena bila kurudi nyuma, na kilele kinakaa raundi ya 18 na ya 19. Ya 20 ni ya kuacha sauti zife zenyewe.

Huko kuanguka kwa raundi ya 13 vikundi vingi hukuruka kwa sababu wanaona kunavunja mwendo. Msikuruke. Sikio likisikia sauti kubwa kwa dakika mbili linaizoea, na kuanzia hapo hata mkiongeza halisikii ongezeko. Mnapolipumzisha kwa sekunde 48, kilele kinachofuata kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mogwai wa Glasgow, walioanza mwaka 1995, walijenga jina lao kwa ujuzi huu wa kimya na kishindo.

Dilei ya gitaa la pili iwe na hesabu, isiwekwe kwa kubahatisha. Gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde: 60,000 kwa 80 ni 750. Robo tatu ya hiyo ni kama 562. Ukiiweka dilei hapo na kupiga mapigo madogo yaliyo sawa, mwangwi unaangukia katikati ya noti zako, na mtu mmoja anasikika kama wawili. Ikiwa nje kwa milisekunde 40 hivi, utasikia matope, na mpiga dramu ataanza kuvutwa na mwangwi badala ya mkono wako. Hiyo ndiyo dalili: dramu zikianza kuyumba kila gitaa la pili linapoingia, kagueni dilei kabla ya kumlaumu mpiga dramu.

Tatizo kubwa la posti-roki, hata hivyo, liko kwenye nafasi ya sauti. Kundi linaanza wimbo likiwa tayari nusu ya nguvu zake zimekwisha, likifika raundi ya 12 hakuna mahali pa kwenda. Na kuongeza wati hakusaidii kama watu wanavyodhani. Ukitoka wati 20 kwenda 40 unapata desibeli tatu tu, ongezeko ambalo sikio linalihisi kidogo. Ili sauti ionekane maradufu unahitaji desibeli kama kumi, yaani nguvu mara kumi, na amplifaya ya wati 200 hatuna.

Kwa hiyo fanyeni kinyume na mnavyofikiri: anzeni mazoezi na kilele. Pigeni raundi ya 18 kwa nguvu yote ambayo vifaa vinaiweza bila kukwaruza, tieni alama kwenye vitufe, hapo ndipo dari. Halafu rudini raundi ya kwanza na mpige kwa vidole laini, vitufe vikiwa palepale. Kupanda kutatoka mikononi na kwenye mpangilio. Besi inatoka noti moja kwa mzunguko, inakwenda mbili, nne, kisha nane. Gitaa la pili linapanda oktava moja, halafu mkono wa kulia unaanza kukwangua noti moja kwa haraka mfululizo. Mpiga dramu anatoka matoazi ya kugusa, anakwenda haihati iliyofungwa, haihati iliyofunguliwa, na mwisho toazi kubwa kila pigo. Hakuna aliyegusa kitufe, na chumba kimejaa. Explosions in the Sky wa Texas wanafanya hivyo kwa gitaa tatu bila mwimbaji; albamu yao ya mwaka 2003 ina nyimbo tano tu. Godspeed You! Black Emperor wa Montreal walikwenda mbali zaidi mwaka 2000, nyimbo nne kwenye diski mbili, kila moja ya dakika 20 hivi.

Kuna watu wawili wanaoweza kuua kazi hiyo yote bila kujua. Wa kwanza ni fundi mitambo. Amezoea kulinda spika na kusawazisha sauti, kwa hiyo mnapoanza kimya anawaongeza, mnapopanda anawashusha, na mwisho wimbo wote umekuwa tambarare. Mwoneni kabla ya onyesho, mpigieni sekunde 20 za kilele, mwombeni aweke vitufe hapo na asiviguse hadi mtakapomaliza. Wa pili ni simu yenu. Simu nyingi zikirekodi sauti huongeza penye utulivu na kupunguza penye kelele zenyewe, kwa hiyo rekodi itawaambia kwamba hamkupanda hata kidogo. Msiiamini kwa jambo hilo. Mpelekeni rafiki akae mwisho wa chumba, awaambie ni raundi gani aliacha kusikia ongezeko.

Na masikio yenu pia. Dramu na amplifaya kwenye chumba kidogo hufika desibeli 100 bila shida, na kwa kiwango hicho muda salama kwa siku ni robo saa hivi. Kilele kirudiwe mara chache, na mtafute vizibo vya masikio.

Kati ya wasikilizaji wetu

Hapa ndipo mathi-roki inapoonekana ngumu zaidi kuliko ilivyo. Watu husema Mchaga au Mmeru hatacheza saba. Kinachomsimamisha ni dramu zisizo na mahali pa kuweka mguu, si namba yenyewe. Mkimpa dramu za nne kwa nne na kuiacha saba kwa gitaa kama nilivyoeleza, atacheza bila kujua kuna hesabu. Na faida yake ni kwamba wimbo unamkamata ndani ya sekunde kumi, hata kwenye ukumbi wenye nyama choma na mazungumzo.

Posti-roki kwenye ukumbi wa aina hiyo inaangamia. Raundi nne za mwanzo, dakika moja na sekunde 36 za gitaa moja dogo, zitamezwa na kelele za meza, na bila kimya hicho kilele hakina kitu cha kukipima. Inahitaji watu waliokaa wakitazama mbele: ukumbi wa shule, ukumbi wa kanisa siku ya kawaida, uani kwa mtu jioni. Kama hamna budi kupiga baa, anzeni na raundi ya tisa.

Kundi letu lichague nini?

Watu hawa wanne, wanaokutana Jumamosi, wenye dramu za kuazima na spika moja kubwa, ningewaambia waanze na posti-roki, na nina uhakika na ushauri huo. Kila mmoja anaweza kujifunza sehemu yake nyumbani kwa saa moja. Karatasi ya raundi 20 inafanya kazi ambayo kwenye mathi-roki inafanywa na miezi ya kukaa pamoja. Mpiga dramu asipofika, wa kanisani anaweza kusimama mahali pake akiisoma karatasi. Gharama yao itakuwa pedali moja ya dilei na kutafuta ukumbi wenye utulivu.

Lakini wakiwa wote wanne Moshi, tuseme wawili Pasua na wawili Majengo, na wanaweza kuonana jioni tatu kwa wiki, ningewapeleka mathi-roki bila kusita. Vifaa vyao vidogo havitawazuia, na mpiga dramu mwenye saa za kutosha na wenzake ni utajiri ambao posti-roki haiutumii wote. Ikiwa mpiga dramu wenu ndiye dhaifu kuliko wote, jibu ni posti-roki hata kama mnaishi nyumba moja.

Kwa wanaosita bado, Jumamosi moja inatosha kuamua. Saa ya kwanza pigeni rifu ya saba, metronomu ikiwa kwenye 30, na mjaribu kipimo cha kunyamaza mizunguko minne. Saa ya pili pigeni raundi kumi za posti-roki, gitaa la kwanza lisibadilishe noti hata moja. Angalieni ni wapi watu walipoanza kugombana. Mpiga gitaa ambaye hawezi kurudia kitu kimoja kwa dakika nne bila kuongeza manjonjo ataiharibu posti-roki kila wiki, na mpiga besi anayechoka kuhesabu baada ya nusu saa hatafika mbali na saba.

Baadaye, mkishaiweza moja, kuna daraja dogo kati ya hizi mbili ambalo noti zetu saba zinalionyesha vizuri. Pigeni wimbo wa kupanda taratibu kwa mpango uleule wa raundi, lakini rifu ibaki saba kuanzia mwanzo hadi raundi ya 17, dramu nazo zikihesabu saba pamoja nayo. Sikio litakaa juu juu muda wote bila kujua kwa nini, kwa sababu kila mzunguko unakatwa kabla haujatimia. Kisha raundi ya 18, kilele kinapoingia, ishikilieni ile do ya mwisho ifike nane. Kitu pekee kilichoongezwa ni pigo dogo moja, chini ya sekunde nusu kwa mwendo wa 80. Mpiga dramu ndiye anayetakiwa kulijua kwanza, kwa hiyo akubaliane na wenzake ishara, kichwa au fimbo juu, mzunguko mmoja kabla.